Shajara ya mradi: Kuisoma alama nyekundu kwenye matangazo ya ibada

Naandika shajara hii kwa ajili ya wenzangu wanaorusha ibada, darsa, harusi au mazishi kwa kompyuta moja na ruta ya 4G, ambao wamewahi kuona mtandao wa kurushia ukiwaambia muunganisho ni mbovu wakati simu zao zinafungua kila kitu bila shida. Mimi narusha ibada ya Jumapili ya usharika wetu, pembezoni mwa Morogoro. Wanaotufuatilia ni wazee wasioweza tena kupanda kilima cha kanisa, wagonjwa, na watoto wetu walio mbali. Nimeweka kila nilichojaribu, hata kile kilichonipotezea Jumapili nzima, pamoja na gharama.

Jumamosi, 1 Juni 2024: Kufunga vyombo

Vifaa tulivyokuwa navyo: kamera moja ya video inayoingia kwenye laptopu kwa kifaa cha kunasia picha, laptopu iliyotumika yenye prosesa ya Core i5, sauti kutoka kwenye mikisa ya kanisa, na ruta ya 4G yenye laini ya data. Programu ni OBS, inayopatikana bure, na tunarusha kupitia YouTube.

Nilipima kasi ya intaneti saa kumi na moja jioni. Kushusha ilikuwa Mbps 31, kupandisha Mbps 6.2. Anayerusha anaihitaji namba ya pili. Ile ya kwanza ni ya mtazamaji. Nikaweka picha ya 720p, fremu 30 kwa sekunde, bitireti 4000 Kbps na sauti 128 Kbps. Bitireti ni kiasi cha data kinachotoka kwenye kompyuta kila sekunde, na 4000 ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa picha ya ukubwa huo. Nikarusha jaribio la dakika 20 lisiloonekana kwa watu. Juu ya ukurasa wa YouTube pakaandikwa `Excellent connection`, alama ya kijani, mwanzo hadi mwisho. Nikafunga kanisa nikaenda nyumbani na moyo mweupe.

Jumapili, 2 Juni: Ibada ya kwanza

Ibada ilianza saa tatu na nusu. Hadi saa nne kasoro dakika kumi mambo yalikuwa shwari. Kisha alama ikageuka njano, ikawa nyekundu, na ujumbe huu ukatokea:

```
YouTube is not receiving enough video to maintain
smooth streaming. As such, viewers will experience
buffering.
```

Yaani YouTube haipokei video ya kutosha kuendeleza picha bila kukatika, kwa hiyo watazamaji watakwama. Na kweli walikwama. Mama mdogo alinipigia kutoka Mwanza: "Mwanangu, mchungaji anaganda mdomo wazi, halafu anaruka sentensi mbili." Nilizima na kuwasha matangazo mara mbili, jambo lililowatoa nje hata wale wachache waliokuwa wanavumilia. Msifanye hivyo. Kuzima na kuwasha hakuiongezi njia upana.

Chini ya dirisha la OBS kulikuwa na namba niliyoiona ikipanda bila kuielewa: fremu zilizoangushwa, asilimia 8.7 mpaka baraka ya mwisho.

Jumanne, 4 Juni: Kusoma kumbukumbu ya OBS

Leo nilikaa na faili ya kumbukumbu ambayo OBS huiandika kila inapotumika. Inapatikana kwenye menyu ya `Help`, kisha `Log Files`. Mstari uliohusika ulikuwa huu:

```
Number of dropped frames due to insufficient
bandwidth/connection stalls: 17539 (8.7%)
```

Hapa ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nasikiliza mashahidi wawili waliosimama sehemu tofauti za njia, nikidhani ni mmoja. YouTube yuko mwisho wa njia. Yeye anaona tu kinachomfikia: kama data inakuja kwa mtiririko au kwa vipande. Hajui kilichotokea kati yangu na yeye. Akisema muunganisho ni mbovu, anachosema hasa ni kwamba sekunde moja ya saa ya ukutani imepita na hakupata sekunde moja ya video. OBS yuko mwanzo wa njia, na ana hesabu tatu tofauti. Fungua `Docks`, kisha `Stats` uzione:

`Frames missed due to rendering lag` ni fremu ambazo kompyuta ilichelewa kuzichora. `Skipped frames due to encoding lag` ni zile ambazo enkoda, sehemu inayobana video, haikuwahi kuzibana. `Dropped Frames (Network)` ni fremu zilizokwisha kuchorwa na kubanwa vizuri, ila zikatupwa kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa imeziba. Kwangu mbili za kwanza zilikuwa sifuri. Kwa hiyo laptopu haikuwa na kosa, wala kamera. Tatizo lilikuwa njiani.

Kwa nini OBS itupe fremu nzima badala ya kupunguza ubora? Video husafiri kwa utaratibu ambao kila kipande cha data lazima kithibitishwe kimepokelewa, la sivyo kinatumwa tena. Njia ikibana, vipande vinapanga foleni ndani ya kompyuta. OBS huipima foleni hiyo kwa muda, na ikipita takribani sekunde 0.7 huanza kutupa fremu zisizotegemewa na nyingine. Ikipita 0.9 hutupa hata zile zinazotegemewa. Sauti haitupwi. Ndiyo maana Mama mdogo alisikia mahubiri kwa vipande huku picha ikiwa imeganda.

Lakini kulikuwa na jambo la pili lililozidisha maumivu, na hili lilikuwa kosa langu la kupanga. Video iliyobanwa haina picha kamili katika kila fremu. Inayo picha kamili mara moja moja, na nyingine kati yake zinaeleza mabadiliko tu. Hiyo kamili naiita fremu kuu. Ukitupa fremu ya mabadiliko inayotegemewa na nyingine, zinazofuata zinakosa pa kushika, hivyo OBS huendelea kutupa mpaka fremu kuu nyingine ifike. Katika mipangilio yangu, `Keyframe Interval` ilikuwa 0, maana yake enkoda iamue yenyewe. Enkoda ya x264 ikiachiwa huweza kukaa fremu 250 bila fremu kuu. Kwa fremu 30 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya sekunde 8. Kwa hiyo kizuizi cha sekunde moja tu kiliweza kuigandisha picha kwa sekunde nane. YouTube yenyewe iliniletea onyo kwamba fremu kuu zinapaswa kuja kila sekunde 4 au chini ya hapo, nami nikalipita kwa sababu lilikuwa la njano. Nimeweka 2.

Kuhusu ile asilimia 8.7, isikudanganye kwa udogo wake. Ni wastani wa ibada nzima ya saa moja na dakika 52, yaani fremu 201,600. Karibu zote zilianguka kati ya saa nne kasoro dakika kumi na saa nne na robo. Dakika 25 zina fremu 45,000. Ukitoa 17,000 na ushee hapo, ni zaidi ya theluthi ya picha ya kipindi hicho, nacho ndicho kipindi cha mahubiri. Halafu asilimia hiyo hushuka polepole njia ikitengemaa, kwa kuwa fremu nzuri zinaongezeka chini ya mstari. Unaiona inapungua unadhani ni nafuu, wakati madhara yameshatokea. Tangu leo naitazama idadi yenyewe, siyo asilimia. Idadi ikisimama, njia imefunguka. Ikipanda, kuna anayeganda sasa hivi.

Gharama mpaka hapa: kifurushi cha data, shilingi 20,000.

Jumapili, 9 Juni: Bitireti 2500, na ruta yenyewe chini ya shaka

Nilishusha bitireti hadi 2500. Nilitegemea hilo lingetosha: kama njia inapitisha zaidi ya Mbps 6, itashindwaje 2.5? Ilishindwa. Alama ilipiga njano na nyekundu, fremu 6,584 zikaanguka, asilimia 3.1. Nafuu ilikuwepo, na fremu kuu za kila sekunde mbili zilisaidia sana kwani picha iliganda kwa muda mfupi. Lakini tatizo lilibaki, na lilianza saa ileile.

Kijana wa sauti ndiye aliyeniuliza swali lililofungua njia. "Kaka, umepima mpaka kwenye ruta, au unapima mpaka YouTube tu?" Sikuwa nimepima. Tukafungua dirisha la amri katikati ya ibada:

```
ping -t 192.168.8.1
```

Hiyo ni anwani ya ruta yetu. Yako huenda ni tofauti, mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Amri hii inatuma ujumbe mdogo kwa ruta na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Ruta ilikuwa mita 14 kutoka kwenye meza yetu, dirishani, nasi tuliunganishwa kwa waifai. Kwa umbali huo majibu yalipaswa kurudi kwa milisekunde chache tu. Yalirudi kwa 80, 240, 610, na mengine hayakurudi kabisa. Ujumbe ulikuwa bado haujagusa mnara wa simu, haujatoka hata nje ya ukuta wa kanisa, na tayari ulikuwa umechelewa zaidi ya nusu sekunde.

Sababu ilikuwa imeketi mbele yetu: waumini wapatao mia tatu, wengi na simu mfukoni. Simu zinazotafuta waifai, zinazogawa intaneti, spika za bluututhi za kwaya ya vijana, vyote vinagombania masafa ya GHz 2.4 ambayo ruta yetu hutumia. Tena mwili wa mtu una maji mengi, na maji hufyonza masafa hayo. Ukumbi uliojaa si ukumbi ule uliopimwa Jumamosi. Jaribio langu la kwanza lilikuwa halali kwa kanisa tupu tu.

Jumamosi, 15 Juni: Waya

Nilinunua waya wa mtandao wa mita 20 na kumlipa fundi kufunga vichwa vyake viwili: shilingi 32,000 kwa jumla. Tuliupitisha juu ya mlango wa pembeni, tukaubana ukutani ili mtu asijikwae. Waifai ya laptopu nimeizima kabisa, isije kompyuta ikarudi kwayo kimyakimya. Majibu ya ruta sasa ni chini ya milisekunde 1.

Kama ruta yako haina tundu la waya, simu inayogawa intaneti kwa waya wa USB inafanya kazi ileile. Kinachotakiwa ni kuondoa hewa kati ya kompyuta na kifaa chenye laini.

Jumapili, 16 Juni: Ukuta wa pili

Bitireti ileile, 2500. Fremu zilizoanguka 1,782, asilimia 0.9. Ruta ilijibu chini ya milisekunde 1 ibada nzima, kwa hiyo zilizobaki zilianguka nje ya kanisa, kati ya ruta na mnara. Muda ulikuwa saa nne hadi saa nne na nusu, wakati makanisa yote ya mtaa yamejaa na mnara mmoja unahudumia kila mtu.

Hapa hakuna waya wa kununua. Kinachowezekana ni kujua njia inapitisha nini kwa uhakika, siyo inachoweza kupitisha ikifurahi. Nilimwomba dada wa mapokezi apime kasi ya kupandisha kwa simu yenye laini ya kampuni ileile, akiwa kando ya ruta, mara tano kati ya saa nne na saa nne na nusu. Akaniletea karatasi: Mbps 6.0, 4.8, 3.1, 2.7, 3.9.

Nilipoiangalia karatasi ile nilielewa kwa nini 2500 ilikuwa inaanguka. Wastani wa vipimo ni 4.1, na kwa wastani huo 2500 inaonekana salama kabisa. Lakini matangazo hayapiti kwa wastani. Yanapita kwa sekunde hii, na kama sekunde hii ni 2.7 pamoja na mtikisiko wake, foleni inajaa. Nimechukua kipimo cha chini kabisa, 2.7, nikakata theluthi ya akiba. Inabaki 1.8. Wiki ijayo bitireti ni 1800.

Jumapili, 23 Juni: Kushusha kwa makusudi

Video 1800, sauti 128, picha imebaki 720p. Nimewasha pia chaguo la `Dynamically change bitrate to manage congestion`, lililo kwenye `Settings`, `Advanced`, sehemu ya mtandao. Likiwashwa, njia ikibana OBS hushusha bitireti kwa muda badala ya kutupa fremu, kisha huipandisha njia ikifunguka. Picha inakuwa na ukungu kidogo kwa sekunde kadhaa lakini haigandi. Kwa mahubiri naona hilo ni bora mara kumi.

Matokeo: fremu 214 zilianguka kati ya zaidi ya 200,000. Mara mbili nilimwona OBS akishuka mpaka 1100 na kurudi. Mama mdogo hakupiga simu.

Lakini YouTube ililalamika ibada nzima. Ujumbe ulikuwa mwingine:

```
The stream's current bitrate is lower than the
recommended bitrate.
```

Mzee wa kanisa anayesimamia mawasiliano aliuona akaja mbio: "Mwanangu, si umesema umetengeneza?" Ilinibidi nimweleze taratibu, nami naeleza hapa kwa sababu ujumbe huu na ule wa 2 Juni hukaa sehemu moja kwenye ukurasa, na watu huvichukulia kuwa ni kitu kimoja.

Ule wa 2 Juni unasema video haifiki kwa wakati. Huu unasema video inafika yote, ila ni nyembamba kuliko YouTube inavyopenda kwa 720p. Wa kwanza unaeleza ajali. Wa pili unaeleza uamuzi niliouchukua nikijua. Namna ya kuvitofautisha ni kutazama bitireti kwenye OBS wakati ujumbe upo. Ikiwa imetulia kwenye 1800 uliyoweka na fremu haziongezeki kuanguka, huo ni ushauri wa ubora, unaweza kuuacha. Ikiwa umeweka 2500 na OBS inaonyesha 900, 2600, 300, 1900, hiyo ni njia inayoziba, na ujumbe wowote utakaouona una haki. Tahadhari moja: ukiwa umewasha hilo chaguo la kubadilika, bitireti inaweza kushuka na kubaki chini bila fremu hata moja kuanguka. Hesabu ya fremu pekee haitoshi tena. Lazima utazame namba zote mbili pamoja.

Data ilishuka pia. Kwa 4000 pamoja na sauti tulikuwa tunakula GB 1.86 kwa saa. Kwa 1800 ni GB 0.87. Kifurushi kilichokuwa kinatosha ibada mbili na kidogo sasa kinatosha tano.

Jumapili, 30 Juni: Alama ya kijani, picha mbovu

Wiki iliyopita mwalimu wa kwaya aliniambia kwa upole kwamba kwaya ikianza kucheza, nyuso zinageuka vibandiko vya mraba. Ni kweli. Mhubiri aliyesimama anatosheka na 1800. Watu arobaini wanaoyumba kwa pamoja hawatosheki. Nilijua kwamba enkoda ikipewa muda mrefu zaidi wa kufikiri hutoa picha nzuri zaidi kwa bitireti ileile, kwa hiyo nikabadilisha `CPU Usage Preset` kutoka `veryfast` kwenda `medium`.

Wimbo wa kwanza haujaisha, OBS ikaandika chini `Encoding overloaded!`. Picha ikaanza kurukaruka. Nikatazama YouTube: kijani, `Excellent connection`. Kwa dakika kadhaa nilibishana na macho yangu, maana alama niliyoisubiri mwezi mzima ilikuwa imewaka, na kwaya ilikuwa inacheza kama picha za kupigwa moja moja.

`Stats` ndiyo iliyoamua. Fremu zilizoangushwa na mtandao: 0. Fremu zilizorukwa na enkoda: zaidi ya 6,000 katika nusu saa. Prosesa ilikuwa juu ya asilimia 95. Enkoda ikichelewa, OBS hairefushi foleni, bali hurudia picha ya mwisho iliyowahi kupatikana mpaka enkoda ishike pumzi. Data inaendelea kutoka kwa mtiririko mzuri, ndiyo maana YouTube ikaridhika. Yeye anahesabu kinachofika. Hawezi kujua kwamba fremu tatu mfululizo zina picha ileile.

Nilirudisha `veryfast` katikati ya ibada, na kwa kuwa mpangilio huo hauingii mpaka matangazo yasimame, tulikosa karibu dakika moja. Kisha nikagundua mzigo mwingine: nilikuwa nimefungua matangazo yetu wenyewe kwenye kivinjari cha laptopu ileile ili niyaangalie. Kinakula prosesa, kinakula na data ya kushusha. Sasa naangalia kwa simu iliyo kwenye laini nyingine, na hilo linanipa pia picha ya kile mtazamaji anachokiona.

Jumapili, 7 Julai: Vibandiko vya kwaya

Dawa ya vibandiko haikuwa kwenye kompyuta. Sehemu ya kwaya ilikuwa na giza, na kamera ikiwa gizani huongeza nguvu ya kuona hadi picha ijae chembechembe zinazotetemeka. Macho yetu yanazipuuza. Enkoda haiwezi. Kwake kila chembe ni badiliko jipya la kueleza, na bitireti iliyokusudiwa nyuso za wanakwaya inaishia kwenye chembe za ukuta. Tulifunga taa mbili za LED juu ya kwaya, shilingi 24,000 pamoja na nyaya, nikashusha nguvu ya kamera. Bitireti haikuongezeka hata kidogo. Mwalimu wa kwaya alitazama marudio nyumbani, akanitumia ujumbe: "Leo nimemwona kila mtu, hata aliyekosea hatua."

Fremu zilizoanguka 190. Zilizorukwa na enkoda 12. Ujumbe wa bitireti ndogo bado upo, nao mzee wa kanisa sasa anauelezea yeye mwenyewe kwa wengine.

Kwenye YouTube nilibadilisha pia muda wa kuchelewa kwa matangazo, kutoka wa chini kabisa kwenda `Normal latency`. Ukichagua kuchelewa kidogo, mtazamaji anabaki na akiba ndogo ya video kwenye simu yake, na kigugumizi cha sekunde mbili upande wetu kinamfikia. Kwa akiba kubwa hakimfikii. Hakuna anayetuuliza maswali moja kwa moja wakati wa ibada, kwa hiyo kuchelewa sekunde kadhaa zaidi hakumuumizi mtu.

Jumapili, 21 Julai: Umeme

Umeme ulikatika saa nne na dakika tano. Laptopu ina betri, ruta haina. YouTube haikusema `Poor` safari hii, iliandika `No data`, na tofauti hiyo ina maana: hakuna kinachofika kabisa, hivyo hakuna bitireti ya kurekebisha. Ruta iliwaka tena kwa jenereta baada ya dakika nne. OBS ikaunganika yenyewe, lakini matangazo yalikuwa yamefungwa, kwa sababu nilikuwa nimeacha `Enable Auto-stop` ikiwa imewashwa upande wa YouTube. Ikiwa imewashwa, data ikikatika YouTube huhesabu kwamba umemaliza. Tulilazimika kufungua matangazo mapya yenye kiungo kipya, na wengi hawakukipata. Nimeizima. Kuanzia sasa nafunga matangazo kwa mkono baada ya baraka.

Gharama zote mpaka leo, bila data ya kila wiki: waya na fundi 32,000, taa 24,000. Kinachofuata ni betri ndogo ya kushikilia ruta, dukani wanataka 65,000. Na kuna laini ya kampuni nyingine ambayo dada wa mapokezi ameanza kuipima, mara tano kila Jumapili saa nne, kando ya lile dirisha. Wiki hii kipimo chake cha chini kabisa kilikuwa Mbps 3.4. Nasubiri karatasi tatu zaidi kabla sijahamisha chochote.